Kulwa anajikuna usiku, Doto analala fofofo

*Shikamoo daktari. Nina mapacha wa miaka mitano, tunaishi Igombe. Kulwa anaamka usiku analia na kujikuna kwenye njia ya haja kubwa. Doto hana shida yoyote, na wanalala kitanda kimoja na bibi yao. Tarehe 2 mwezi wa nane nilimpa Kulwa albendazoli kidonge kimoja, akalala vizuri kabisa. Tarehe 6 mwezi wa tisa imeanza upya. Tulipima choo wakasema hakuna mdudu. Bibi anasema ni maji ya ziwa na sukari. Je, dawa ilikuwa feki? Baba yao yuko kambini kwenye dagaa, nataka nijue kabla hajarudi.* — Mama Kulwa

Marahaba, Mama Kulwa. Hizo tarehe mbili ulizoziandika zimenisaidia kuliko hicho kipimo cha choo. Kati yake kuna siku 35, na kwa mdudu ninayemshuku hizo siku 35 zinaeleza karibu kila kitu. Dawa yako haikuwa feki. Ingekuwa feki, Kulwa asingelala vizuri mwezi mzima.

Ninayemshuku ni minyoo uzi, vile vidudu vyeupe vyembamba ambavyo kina mama wengi huniambia wameviona "vinatembea". Jike ana urefu wa kama sentimita moja, mkia wake umechongoka kama ncha ya sindano. Dume ni mdogo zaidi, hafiki nusu ya hapo, na akishampanda jike hufa na kutoka na choo bila mtu kumwona. Makao yao ni pale utumbo mpana unapoanzia, upande wa kulia chini ya tumbo, karibu na kidole tumbo. Hapo wanakaa kimya. Hawanyonyi damu kama minyoo ya safura, hawajikunji rundo la kuziba utumbo kama chango. Mtoto anaweza kuwa nao kadhaa na mchana kutwa akacheza mpira bila kulalamika.

Taabu inaanza jike anapojaa mayai. Mayai yake yanahitaji hewa ili yakomae, na ndani ya utumbo hewa ya kutosha hakuna. Kwa hiyo hayatagi humo. Anashuka utumbo mpana wote hadi mlangoni na kusubiri mtoto atulie. Kulwa akilala saa mbili usiku, misuli ya njia ya haja inalegea, mwili unakaa bila kujitikisa, na jike anatoka nje. Anatambaa kwenye mikunjo ya ngozi akiacha mayai yaliyopakwa utomvu unaonata. Jike mmoja anaweza kuacha mayai elfu kumi na zaidi katika safari hiyo moja, kisha anakufa. Kinachowasha ni vitu viwili: kule kutambaa kwenyewe, na ngozi kuukataa ule utomvu. Ndiyo maana wazazi wengi wanakuambia kilio kinakuja saa nne au saa tano, mtoto akiwa kwenye usingizi wa kwanza, na asubuhi hakumbuki kitu.

Sasa Kulwa anajikuna. Mayai yanaingia chini ya kucha, mengine yanabaki kwenye chupi na shuka. Yakishapata hewa na joto la mwili, ndani ya saa nne hadi sita tu yanakuwa tayari kuambukiza. Hapa ndipo minyoo hii inapoachana na wenzake. Yai la chango likitoka na choo linahitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla halijawa na madhara, kwa hiyo choo kizuri kinalizuia. Yai la minyoo uzi halina haja ya udongo wala choo kibovu. Limetagwa saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri liko tayari, na mtoto bado yuko kitandani na kidole mdomoni. Nyumba ya vigae na choo cha kuvuta maji inapata minyoo hii sawasawa na nyumba ya udongo, na watoto wa shule za bweni nao wanaipata, maana wanalala wamebanana.

Yai likimezwa linaanguliwa kwenye utumbo mwembamba. Kijinyoo kinachotoka kinashuka taratibu huku kikikua, kinafika mwanzo wa utumbo mpana, kinajamiiana, na kama ni jike kinaanza kujaa mayai. Tangu kumezwa kwa yai hadi jike anatoka usiku kutaga ni kama mwezi mmoja, mara pungufu kidogo, mara zaidi kidogo.

Chukua kalenda ya ukutani tuihesabu kesi yako. Tarehe 2 mwezi wa nane Kulwa alimeza albendazoli. Minyoo mikubwa iliyokuwa ndani ikafa, na usiku hakukuwa na wa kutoka. Lakini dawa hii inaua minyoo, mayai haiyaui ipasavyo, na yale yaliyokuwa tayari nje ya mwili haikuyagusa kabisa. Shuka lilikuwa lile lile. Kucha zilikuwa zile zile. Tuseme tarehe 3 au 5 Kulwa aliamka, akashika kipande cha kiporo cha ugali kabla ya kunawa, na mayai machache yakaingia. Dawa ilikwisha kutoka mwilini, haikuyasubiri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu minyoo inakua, mtoto analala, wewe unashukuru. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa majike ya kundi hili jipya yamejaa mayai. Tarehe 6 Kulwa analia. Ile iliyomsumbua mwezi wa nane ilikufa zamani. Hii ni kizazi chake.

Ndiyo sababu kidonge cha pili hutolewa wiki mbili baada ya cha kwanza. Kwako kilitakiwa tarehe 16 mwezi wa nane. Siku hiyo minyoo yote iliyomezwa baada ya tarehe 2 ingekuwa midogo, haijafikia kutaga, na ingekufa bila kuacha yai hata moja. Mayai yaliyobaki shukani nayo hayaishi milele: kwenye ubaridi na unyevu yanaweza kufika wiki mbili hadi tatu, kwenye jua kali na ukavu yanakufa mapema zaidi. Ukitoa cha pili siku ya tatu umekiharakisha, hata yale mayai ya shukani hayajamaliza kumezwa. Ukitoa siku ya 40 umechelewa, majike yameshatembea. Wiki mbili ndiyo nafasi yenyewe.

Kuna jambo moja ndani ya hesabu hii ambalo watu hulipita. Kwa kuwa mayai hukomaa nje, minyoo hii haizaliani ndani ya tumbo. Karibu kila mnyoo utakaouona kwa Kulwa uliwahi kuwa yai lililopitia mdomoni mwake. Mnyoo mmoja unaishi kama miezi miwili hivi. Mtu ambaye hamezi yai jipya muda wote huo anapona hata bila dawa. Ni kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa miezi miwili bila kutia kidole mdomoni, basi.

Kuhusu kipimo cha choo, nikuambie kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nikiwa kwenye zahanati moja kando ya ziwa, nilimrudisha mama mmoja nyumbani mara mbili nikimwambia choo cha mtoto ni safi. Mara ya tatu alikuja na kikaratasi cha daftari kilichokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kitu kama uzi wa shuka, kimekauka. Nusura nimwambie ni uzi. Nikakiweka kwenye slaidi na tone la maji ya chumvi, nikaangalia kwenye hadubini: kilikuwa jike, mwili mzima umejaa mayai kama gunia la choroko lililoshonwa vibaya. Mtoto alikuwa nao siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta mahali pasipo pake, kwa sababu mayai hayatagwi kwenye kinyesi. Yanatagwa kwenye ngozi. Kinyesi cha mtoto mwenye minyoo uzi mara nyingi kinasomeka safi kabisa.

Kipimo chake ni selotepu. Ile inayoonyesha, isiwe ile ya rangi ya maziwa, maana hiyo haipitishi mwanga vizuri kwenye hadubini. Asubuhi mtoto akiamka, kabla hajaoga na kabla hajaenda chooni, panua makalio kwa upole, bandika upande wenye gundi kwenye ngozi ya kuzunguka tundu lenyewe, kandamiza kidogo pande zote, bandua. Kisha ubandike kwenye slaidi ambayo maabara watakupa. Ukimwogesha kwanza umeosha ushahidi. Asubuhi moja inaweza kukosa, kwa kuwa majike hayatoki kila usiku. Asubuhi tatu mfululizo zinakamata walio wengi. Yai lenyewe ukilionyeshwa hutalisahau: refu kidogo, upande mmoja umebinuka, upande wa pili umebapa kama embe lililokatwa shavu, na ndani yake kijinyoo kimejikunja.

Lakini kabla ya maabara, una tochi ya simu. Subiri Kulwa awe amelala kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, au mara tu anapoanza kuhangaika, mgeuze ubavu, panua makalio na umulike. Usiwashe taa ya chumba ukasubiri azinduke kwanza. Unachotafuta ni uzi mweupe, urefu wa ukucha wa kidole kidogo, unaojinyonganyonga. Ukiuona, kesi imekwisha, huhitaji kipimo kingine. Usipouona usiku mmoja, rudia kesho na keshokutwa.

Angalia usichanganye na mengine. Vipande vya tegu ni bapa na vipana, mfano wa mbegu ya boga, na mara nyingi utaviona juu ya kinyesi mchana. Upele nao huwasha sana usiku, ila utakuta vipele katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, na watu kadhaa nyumbani wanajikuna. Ngozi ikiwa nyekundu sana imeivaiva, inauma akijisaidia, au kuna michubuko na damu, hapo si suala la tochi tena, mpeleke akaangaliwe. Na kwa watoto wa kike ujue kwamba jike wa minyoo uzi akipotea njia huingia sehemu za siri za mbele, mtoto akawashwa na kutokwa uchafu kidogo, wakati mwingine akaanza kukojoa kitandani. Wazazi huogopa mno wakiona hivyo. Tumia tochi, kisha mpeleke kituoni aangaliwe vizuri, usikisie.

Sasa bibi. Usimkatalie moja kwa moja, kwa sababu ziwa letu analijua. Kichocho cha tumbo kinatoka ziwani kweli: konokono wanatoa vijidudu majini, vinapenya ngozi ya mtoto anayeoga au kuchota maji. Minyoo uzi haina konokono, haipenyi ngozi na haisubiri ufukweni. Hata mbwa na paka wa nyumbani hawaileti, ni mdudu wa binadamu. Na prazikwanteli, ile dawa ya kichocho inayotolewa shuleni kwa kumpima mtoto urefu, haiui minyoo uzi. Watoto wa shule hupewa pia albendazoli, lakini kwa mpango ule ni kidonge kimoja kwa kampeni, shabaha ikiwa chango na safura. Kwa minyoo uzi kidonge kimoja ni kama ulichokifanya tarehe 2. Sukari haina kosa lolote hapa, isipokuwa pipi inalambwa kwa vidole.

Na Doto? Nina karibu uhakika anayo. Wengi wenye minyoo hii hawawashwi, au wanawashwa kidogo wasiamke. Wanalala shuka moja, wanakula sahani moja, mikono minne kwenye bakuli moja la dagaa. Ukimtibu Kulwa peke yake, Doto atamrudishia ndani ya wiki, bila mtu kujua. Bibi naye yuko kitanda kile kile.

Kwa hiyo dawa ni ya nyumba nzima, siku moja. Albendazoli miligramu 400 kwa kila mmoja mwenye umri wa miaka miwili na zaidi, mkubwa kwa mdogo dozi ni hiyo hiyo, kisha nyingine ya 400 baada ya wiki mbili. Duka la dawa wakiwa na mebendazoli, kwa minyoo uzi ni miligramu 100 mara moja, na 100 baada ya wiki mbili. Soma boksi vizuri, kwani mebendazoli inauzwa kwa nguvu tofauti. Kwa watoto kisage kidonge kwenye kijiko uchanganye na maji, asije akapaliwa. Mwenye mimba, hasa miezi mitatu ya kwanza, asimeze. Huyo aanze na usafi na aende kliniki. Mtoto wa chini ya miaka miwili naye aonwe kwanza kituoni, dozi yake ni tofauti.

Asubuhi ya kuamkia siku ya dawa ndiyo ya kazi. Kulwa na Doto waogeshwe mara wakitoka kitandani, kabla ya chai, kwa maji ya kumwagiwa kwa kopo. Usiwakalishe kwenye karai moja, maana mayai yataelea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kuoga huku kwa asubuhi ndiko kunakoondoa mayai ya usiku kabla hayajafika mdomoni. Kuoga jioni peke yake hakusaidii sana, jioni ngozi bado haijatagwa. Kata kucha hadi kwenye nyama, vidole vyote kumi, halafu uzitupe chooni. Shuka na foronya usizikung'ute, mayai ni mepesi yataruka na vumbi. Zikunje kwa ndani, uzitie maji ya moto yenye sabuni, uzianike kwenye jua la mchana kama mnavyoanika dagaa, zimelala zimepanuka. Godoro nalo litoke nje. Usiku wavae chupi inayobana, ili akijikuna akune nguo, na asubuhi hiyo chupi ivuliwe bafuni iingie majini moja kwa moja. Fanya hivi kila asubuhi kwa zile wiki mbili. Mashuka unaweza kuyafua kila baada ya siku chache.

Kunawa kwa sabuni kila akitoka kujisaidia na kabla ya kula hilo unalijua, ila sugua ncha za vidole kwenye kiganja cha mkono mwingine, ndiko mayai yaliko. Hivyo vitakasa mikono vya spiriti havina nguvu kwenye yai hili. Na tafadhali msimpake mafuta ya taa wala petroli. Nimewahi kuona makalio ya mtoto yameungua kwa sababu ya hayo, na minyoo ikabaki ndani imetulia.

Siku chache baada ya kidonge cha kwanza anaweza bado kujikuna, ngozi ilishaumia, usikimbilie kuongeza dozi. Kinachoniambia mimi kama tumefaulu ni kalenda tena. Muwasho ukirudi kati ya wiki ya nne na ya sita baada ya kidonge cha pili, kuna mtu anamezesha mayai mapya: jirani anayecheza nao, darasa la awali, ndugu aliyekosa dawa. Ukirudi ndani ya wiki mbili tu, minyoo mipya haijapata muda wa kukua, kwa hiyo ama dawa haikufanya kazi au tangu mwanzo haikuwa minyoo uzi. Hapo njoo na selotepu.

Nimebakiza baba yao. Wewe unasema unataka kujua kabla hajarudi. Mimi nasema usianze kabla hajarudi. Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki kwenye mbalamwezi, na nadhani ndipo anapokuja nyumbani. Panga kidonge cha kwanza siku hizo, mkiwa wote. Halafu hesabu: wiki mbili kutoka mbalamwezi ni giza lenyewe, na giza ndilo la kazi. Kidonge cha pili kitamkuta majini. Mfungie kwenye karatasi, uandike tarehe juu yake, na ukitie kwenye mfuko anaowekea simu, kwa sababu kwenye begi la nguo hatakiona mpaka mwezi mwingine upevuke.